Dumu Likishaondoka: Kurudisha Mchanga, Nyasi na Kokoto Katika Picha

Kitu kilicholala chini kikifutwa kwenye picha, huacha pengo la ardhi ambayo kamera haikuiona. Hakuna programu inayoweza kuufunua mchanga uliokuwa umefunikwa, kwa kuwa mwanga wa mchanga huo haukufika kwenye lenzi. Kinachofanyika ni kutengeneza ardhi mpya kwa vipande vya ardhi inayoonekana kwingineko ndani ya picha ileile. Kwenye anga tupu au ukuta uliopakwa rangi, kazi hiyo ni nyepesi. Ardhi ni ngumu zaidi. Mchanga, nyasi na kokoto vina chembe zinazoonekana, chembe hizo hupungua ukubwa kadiri ardhi inavyokwenda mbali, na kila chembe ina upande unaopigwa na jua na upande wenye kivuli. Kipande kilichopandikizwa kikikosea mojawapo ya mambo hayo, mtazamaji huhisi kasoro hata kama hawezi kuonyesha ilipo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi nzima. Mwenye nyumba ya wageni ana picha nzuri ya ufukwe, iliyopigwa asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Jua liko chini, upande wa kushoto. Mchanga umeachwa na mikunjo myembamba ya maji inayokwenda mshazari, na katikati ya mchanga huo limelala dumu la njano. Picha ina upana wa pikseli 6000 na kimo cha pikseli 4000. Mstari wa upeo wa macho, pale bahari inapokutana na anga, uko pikseli 1000 kutoka juu. Dumu limeanzia mstari wa 2250 na kuishia mstari wa 2700, na upana wake ni pikseli 700 hivi. Mwenye picha anataka dumu liondoke na mchanga ubaki.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima kujua ukubwa halisi wa pengo, nao daima ni mkubwa kuliko kitu chenyewe. Kivuli cha dumu kimelala kulia na ni kirefu kuliko dumu, kwa kuwa jua liko chini. Ukingo wa kivuli ni mkali karibu na dumu, kisha hufifia kadiri unavyokwenda mbali nalo, kwa hiyo mwisho wake halisi uko mbele ya pale jicho linapodhani umefika. Pembezoni mwa dumu mchanga umebonyea na kuacha tuta dogo. Tena plastiki ya njano, ikipigwa na jua, hurudisha rangi yake kwenye mchanga ulio jirani. Doa hilo la njano halionekani kwa urahisi dumu likiwepo, lakini likishaondoka hubaki kama mchanga ulioungua. Njia nzuri ya kuliona ni kuongeza ukolezi wa rangi kwa muda, mpaka picha iwe na rangi zilizopitiliza. Doa hujitokeza papo hapo na mpaka wake huweza kuwekewa alama. Wengi wanaoshindwa kazi hii hushindwa hapa, kwa kufuta kitu na kuziacha athari zake.

Huja kishawishi cha kukiacha kivuli mahali pake na kukiangaza tu, kwa hoja kwamba ndani yake kuna mchanga wa kweli. Kwa kivuli cha jua kali, jambo hilo mara nyingi halifanikiwi. Mchanga ulio kivulini haupati mwanga wa jua, hupata mwanga wa anga unaotoka pande zote, na mwanga huo hauchori upande mweupe na upande mweusi wa kila mkunjo. Ukiangazwa, hutoka ukiwa na rangi ya samawati na umekuwa bapa, huku mchanga wa jirani ukiwa na migongo inayong'aa. Ni afadhali kivuli kihesabiwe kuwa sehemu ya pengo na kijazwe upya pamoja na mahali pa dumu.

Swali linalofuata ndilo linaloamua matokeo, nalo ni wapi pa kuchukua mchanga wa kujazia. Kwenye ardhi tambarare, upana wa kitu kwenye picha huenda sawia na umbali wa mstari wake kutoka upeo wa macho. Chini ya dumu, kwenye mstari wa 2700, umbali huo ni pikseli 1700. Sehemu ya juu ya pengo, kwenye mstari wa 2250, umbali ni pikseli 1250. Kwa hiyo alama yoyote ya mchanga iliyo chini ya pengo inapaswa kuonekana pana mara 1.36 kuliko alama kama hiyo iliyo juu ya pengo. Nafasi ya wima kati ya alama zilizolala chini hubadilika kwa kasi zaidi, kwa sababu huenda na kipeo cha pili cha umbali huo. Hapa tofauti inafika mara 1.85. Yaani mikunjo iliyo chini ya pengo hupishana kwa wima karibu mara mbili ya ile iliyo juu, ndani ya eneo lisilozidi kimo cha dumu moja.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini kuchukua mchanga mzuri wa mbele ya picha na kuubandika katikati hakufai, hata rangi zikilingana kabisa. Mchanga wa mstari wa 3500 una chembe kubwa mno. Kuupunguza pande zote kwa kiwango kimoja hakuponyi tatizo, kwa kuwa upana na nafasi ya wima havipungui kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo, mstari wa pengo hujazwa na mchanga wa mstari huohuo, uliochukuliwa kushoto au kulia. Palipo na ulazima wa kupanda au kushuka, mchepuko usiozidi sehemu moja ya kumi ya umbali kutoka upeo wa macho hauonekani sana. Katika picha hii ni kama pikseli 150. Hata pale upeo haumo ndani ya picha, kwa mfano picha iliyopigwa kwa kuinamisha kamera, kanuni hubaki ileile mradi kamera haikuegemea upande. Kuchukua kwa ubavu kuna faida nyingine pia, kwani ukali wa lenzi hubadilika kwa umbali, na mchanga ulio kwenye mstari mmoja kwa kawaida umekolezwa au kufifishwa kwa kiasi kimoja.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa kwa GIMP, programu ya bure, au kwa Photoshop. Vifaa viwili vinatosha. Clone, ambayo kwenye Photoshop huitwa Clone Stamp, hunakili pikseli kama zilivyo kutoka mahali palipochaguliwa. Heal, au Healing Brush, huchukua chembe kutoka chanzo lakini hulinganisha rangi na mwangaza wake na mahali inapopakwa. Kwenye GIMP chanzo huchaguliwa kwa kubonyeza Ctrl na kugusa mahali panapotakiwa, na kwenye Photoshop kwa Alt. Upakaji wa Clone hufanywa kwenye tabaka jipya tupu juu ya picha, huku Sample merged ikiwa imewashwa, ili picha ya asili ibaki salama na kila kosa lifutike bila kuacha kovu.

Kinachotangulia ni mikunjo. Jicho husamehe chembe moja moja, lakini halisamehe mstari uliokatika. Mkunjo unaoingia kwenye pengo kwa kushoto lazima ukutane na mkunjo unaotokea kulia, na mchoraji hutafuta jozi hizo kwanza kwa macho. Alignment huwekwa Aligned, ili umbali kati ya chanzo na brashi usibadilike. Kisha Ctrl hubonyezwa juu ya mgongo wa mkunjo nje ya pengo, na brashi huanza pale pale mgongo wa mkunjo mwingine unapoingia kwenye pengo. Mgongo ukiangukia mgongo, mkunjo mzima hufuata. Mikunjo ikiwa ni ya mshazari, kusogea kwa ubavu kwa idadi kamili ya mikunjo huleta ulinganifu. Ukisogea nusu mkunjo, mstari huvunjika. Mahali ambapo mistari haikubali kukutana, maji yenyewe yameacha suluhisho, kwa sababu mikunjo ya mchanga hugawanyika na kuungana mara kwa mara. Panda moja ya namna hiyo, ikichukuliwa kutoka sehemu nyingine ya mstari uleule, huondoa tatizo bila kumstua mtazamaji.

Nusu ya kushoto ya pengo hujazwa kwa mchanga wa kushoto, na nusu ya kulia kwa mchanga wa kulia. Sababu ni mwangaza. Jua la chini na umbo la lenzi hufanya upande mmoja wa picha uwe mweupe kuliko mwingine, na mchanga ukivutwa kutoka upande mmoja hadi ukingo wa pili huishia kwa ngazi ya rangi. Pande mbili zikikutania katikati, tofauti iliyobaki huwa ndogo na huweza kulainishwa baadaye.

Brashi inahitaji uangalifu ambao haupewi mara nyingi. Mwanafunzi hupenda brashi laini kabisa yenye Opacity ya nusu, akidhani mchanganyiko utaficha mshono. Chembe mbili zisizohusiana zikichanganywa nusu kwa nusu hufutana, na utofauti wa weusi na weupe hupungua kwa takriban asilimia 30. Matokeo ni ukungu. Mchanga wa pembeni una punje kali na mchanga uliopandikizwa una uso wa unga. Brashi laini hufanya vivyo hivyo kwenye ukingo wake, ambapo kila mpigo huchanganya mapya na ya zamani. Kwa hiyo Opacity huachwa 100, na Hardness huwekwa kati ya 60 na 80. Upana wa brashi kwa picha hii ni pikseli 80 hadi 150. Mshono hufichwa kwa njia nyingine, yaani kwa kuufanya upite kwenye bonde la mkunjo badala ya kukata mgongo, na kwa kuupinda badala ya kuunyoosha.

Chanzo hubadilishwa kila baada ya mipigo michache. Chanzo kikiwa pikseli 300 kutoka brashi na kikaachwa hivyohivyo, mpigo unaofuata huanza kunakili kile kilichopakwa na mpigo uliotangulia, na kombe moja dogo jeupe hutokea tena na tena kila baada ya pikseli 300. Kombe, kijiti au shimo la kaa ni alama zinazokumbukwa. Kitu cha aina hiyo kikiingia kwenye chanzo, nakala yake huondolewa mara moja kabla haijazaa nyingine. Kugeuza kipande kushoto kwenda kulia ili kionekane kipya ni njia inayotumika sana, lakini hapa haifai kabisa. Jua linatoka kushoto, na kipande kilichogeuzwa kitakuwa na mikunjo inayong'aa upande wa kulia. Ubadilishaji huo hukubalika tu wakati wa mawingu mazito, au jua likiwa utosini.

Heal huingia mwishoni, pengo likiwa limeshajaa. Tabaka jipya hutengenezwa kwa amri ya Layer na kisha New from Visible, na brashi hupitishwa kwenye ngazi za rangi zilizobaki. Ikitumiwa mapema, dumu likiwa bado lipo, huharibu kazi, kwa sababu hulinganisha rangi na kila kinachoizunguka. Ikigusa ukingo wa dumu au wa kivuli huvuta njano au weusi na kuutandaza kwenye mchanga. Ndiyo maana Clone hutangulia na kuacha ukanda safi pande zote.

Nyasi hufuata kanuni hizohizo za mstari na mwanga, ila majani yake husimama. Jani la mbele hufunika mizizi ya jani la nyuma, kwa hiyo ujazaji huanza juu ya pengo, yaani mbali, na kushuka kuelekea kwa mtazamaji. Kila ukanda mpya huweka ncha za majani yake juu ya ukanda uliotangulia. Ukingo wa chini wa pengo ndio mgumu zaidi, kwa kuwa ncha za nyasi zilizo mbele ya kitu zilikuwa zimekifunika sehemu fulani. Ncha hizo ni za kweli na hazipaswi kufutwa. Brashi nyembamba hupita katikati yake, na baadhi ya ncha za jirani hunakiliwa zipande juu ili ukingo usiwe mstari ulionyooka. Kitu kilicholala muda mrefu kwenye nyasi huacha majani ya manjano yaliyolala chini, na eneo hilo lote huhesabiwa kuwa sehemu ya pengo.

Kwenye kokoto kipimo ni jiwe zima. Brashi ya duara hukata mawe nusu, na nusu jiwe linalogusana na nusu jiwe lingine huonekana kwa yeyote, kwa kuwa hakuna kokoto lenye umbo hilo. Badala ya brashi hutumika Free Select. Kundi la mawe matano au sita huzungushiwa mstari unaopita kwenye nafasi nyeusi kati ya jiwe na jiwe, ukingo hulainishwa kwa pikseli 1 au 2, na kundi hunakiliwa kwenye tabaka lake na kusogezwa kwa ubavu mpaka nafasi zake nyeusi zikutane na nafasi nyeusi za pengo. Jiwe moja moja hutumika kuziba matundu yaliyobaki. Jiwe jeupe au lenye mistari halichukuliwi kabisa, maana litatambulika popote litakapoonekana mara ya pili. Kazi hii ni ya polepole, lakini kokoto zina fadhila moja, kwamba mshono uliopita kwenye vivuli vya mawe haupatikani tena hata na aliyeufanya.

Kompyuta nayo inaweza kujaza pengo yenyewe, na inafaa kujua inafanyaje ili kujua itashindwa wapi. Mwaka 1999 Alexei Efros na Thomas Leung walionyesha njia ya kukuza ardhi ya namna hii pikseli moja baada ya nyingine. Kwa kila pikseli tupu, kompyuta hutazama jirani zake zilizokwisha kujulikana, hutafuta mahali penye jirani wanaofanana nao, kisha huchukua pikseli ya hapo. Njia hiyo ilikuwa ya polepole. Mwaka 2009 ilitangazwa njia ya PatchMatch, inayotafuta vipande vinavyofanana kwa haraka kubwa, na mwaka 2010 Photoshop CS5 ilikuja na Content-Aware Fill. Kwenye GIMP kazi kama hiyo hufanywa na programu-jalizi ya Resynthesizer, ambayo husakinishwa peke yake. Ikishawekwa, eneo huchaguliwa na amri hupatikana hivi:

```
Filters > Enhance > Heal selection
```

Mashine za aina hii hufananisha sura, hazijui umbali wala jua. Zikiruhusiwa kuchukua popote, huweka mchanga wa mbele katikati ya picha kwa sababu tu rangi zake zimefanana. Dirisha la Heal selection lina chaguo la Sample from, na likiwekwa Sides, huchukua vipande kutoka kando za eneo lililochaguliwa tu. Hiyo ndiyo kanuni ya mstari iliyokwisha kuelezwa, na kwa ardhi inayokwenda mbali ndiyo chaguo la kwanza. Pengo refu kama la dumu na kivuli chake hujazwa vizuri zaidi likikatwa vipande viwili au vitatu vya mlalo, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu. Kwa mchanga usio na mikunjo matokeo huweza kutosha. Kwa mikunjo na kokoto, mistari iliyovunjika na mawe yaliyokatwa hurekebishwa kwa mkono.

Ukaguzi hufanywa kwa macho yaliyobadilishiwa mazingira. Picha hupunguzwa mpaka itoshe nusu ya kioo, kwani marudio na ngazi za rangi huonekana zaidi kwa ukubwa mdogo. Kisha hutazamwa kwa asilimia 100 kutafuta ukungu. Kwa ukungu kuna kipimo cha uhakika, nacho ni kunakili tabaka la mwisho na kulipitisha kwenye High Pass, iliyo chini ya Filters na Enhance. Picha hugeuka kijivu na kubaki na chembe tu. Mchanga mzima huonyesha vumbi la chembe lililosambaa sawasawa, na mahali palipochanganywa kwa brashi laini hujitokeza kama kijivu kitupu. Tabaka hilo hufutwa, na pale penye kijivu hupakwa upya kwa brashi ngumu. Kuigeuza picha nzima kwa muda, kushoto kuwa kulia, nako husaidia, kwa sababu aliyeifanyia kazi saa nzima huiona kama picha ngeni.

Kuna picha ambazo pengo lake halijaziki vizuri. Kitu kikichukua zaidi ya nusu ya upana wa picha, hakuna mchanga wa ubavuni wa kutosha, na marudio hayaepukiki. Nyayo za mtu zikiingia upande mmoja wa pengo na kutoka upande wa pili, kila unyayo una umbo lake na hauwezi kunakiliwa bila kujulikana. Hapo ni nafuu kupiga picha ya pili. Mpiga picha aliye na nafasi hulisogeza dumu na kupiga tena bila kuhamisha kamera, na mchanga wa picha ya pili huingia kwenye pengo ukiwa na ukubwa na mwanga sahihi, ingawa tundu lililoachwa na dumu bado litahitaji kusawazishwa.

Picha ya habari haiingii kabisa kwenye kazi hii. Mwezi Januari 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na mpiga picha Narciso Contreras, baada ya yeye kukiri kwamba katika picha ya mpiganaji aliyoipiga Syria mwaka 2013 alikuwa amefuta kamera ya video ya mwenzake. Kamera hiyo ilikuwa imelala chini kwenye kona ya kushoto ya picha, na mahali pake aliweka ardhi iliyonakiliwa kutoka sehemu nyingine ya picha hiyohiyo. Haikubadilisha tukio lenyewe, lakini sheria za shirika hilo hazikuruhusu kuondoa chochote ndani ya picha. Tangazo la nyumba ya wageni halifungwi na sheria hiyo, ila mgeni atakayefika anastahili kuukuta ufukwe usio na madumu kama alivyouona.